Kulipa ada ya chuo cha nje ukiwa Dodoma: kutoka akaunti yako ya shilingi hadi risiti ya chuo

Kuanzia mwezi wa saba hadi wa tisa maswali huwa ni yaleyale. Mzazi ameuza alizeti au kiwanja, fedha ipo benki, chuo kimetuma ankara ya dola, lakini hajui pa kuanzia. Wengine wameshalipa, makaratasi wanayo, na bado chuo kinamwambia mtoto kwamba ada haijafika au imepungua. Mwongozo huu ni wa wote hao. Unahusu njia inayotumiwa zaidi, yaani TT, ambayo ni kutuma fedha moja kwa moja kutoka akaunti ya benki ya hapa kwenda akaunti ya chuo, na mfano nitakaoufuata ni wa chuo cha India kinachodai dola. Ukilipa Malaysia, Uturuki au Uingereza hatua ni hizihizi, na panapotofautiana nitasema.

Jambo moja lishike tangu sasa: siku shilingi zinapokatwa kwenye akaunti yako siyo siku ada inapokuwa imelipwa. Imelipwa pale kiasi kamili kinapoonekana kwenye hesabu ya chuo chini ya namba ya mwanafunzi wako. Kati ya siku hizo mbili kuna benki tatu au nne, na karibu matatizo yote hutokea humo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda benki

Benki hairuhusiwi kupeleka fedha nje bila kujua ni za nini, kwa hiyo andaa haya:

- Kitambulisho chako cha NIDA au pasipoti.
- Barua ya udahili yenye jina la mwanafunzi kama lilivyo kwenye pasipoti yake.
- Ankara ya ada ya muhula au mwaka huu. Orodha ya jumla ya ada za chuo mara nyingi haitoshi, kwa sababu haitaji jina la mwanafunzi wala kiasi anachodaiwa yeye.
- Ukurasa wa maelezo ya malipo wenye jina la akaunti ya chuo, namba ya akaunti, jina la benki na anwani yake, na SWIFT kodi, yaani utambulisho wa benki hiyo kimataifa.
- Nakala ya pasipoti ya mwanafunzi, na viza kama ameshaipata.
- Cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi, au karatasi nyingine inayoonyesha uhusiano wenu. Shangazi au mjomba anayelipa aandike na barua fupi ya kueleza kwamba ndiye mdhamini.
- Uthibitisho wa fedha ilikotoka, hasa kama iliwekwa kwa mkupuo siku za karibuni. Mkataba wa mauzo ya kiwanja, risiti za mauzo ya mazao, hati ya mshahara au barua ya mkopo, chochote kinachoeleza ukweli.

Toa nakala mbili za kila karatasi. Kama barua ya chuo iko kwa Kituruki au Kichina, omba chuo kitoe na ya Kiingereza. Afisa hawezi kuidhinisha asichoweza kukisoma.

Hatua ya 1: Hakiki akaunti ya chuo mwenyewe

Usichukue namba ya akaunti kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp, hata kama umetumwa na mtu unayemwamini. Mwambie mwanafunzi aingie kwenye akaunti yake katika mfumo wa chuo, apakue maelezo ya malipo, kisha ulinganishe na ankara. Ikija barua pepe inayosema "tumebadilisha benki, lipeni huku", isimamishe hapohapo, upige simu chuoni kwa namba iliyo kwenye tovuti yao. Usipige iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Wizi wa aina hii ni wa kawaida sana msimu wa ada, na fedha ikishapokelewa upande wa pili kuirudisha ni kazi kubwa.

Wakala aliyemtafutia mtoto chuo akikuambia uweke ada kwenye akaunti yake binafsi ili yeye aipeleke, kataa. Wapo mawakala waaminifu, lakini karatasi zitaonyesha kwamba wewe ulimlipa wakala. Viza ikikataliwa, vyuo vingi hurudisha ada kwenye akaunti ileile iliyoituma, na hapo utakuwa unamwomba wakala fedha yako.

Kuna ukaguzi mdogo unaoweza kuufanya kwa macho tu. SWIFT kodi huwa na herufi 8 au 11. Nne za kwanza ni za benki, na ya tano na ya sita ni za nchi: IN kwa India, MY kwa Malaysia, TR kwa Uturuki, GB kwa Uingereza, CN kwa China. Kama chuo kiko India na nafasi hizo mbili zinaonyesha nchi nyingine, uliza kabla ya kutuma. India haitumii IBAN, yaani namba ya akaunti ya muundo wa kimataifa. Inatumia IFSC, kodi ya tawi la benki, ambayo ina nafasi 11, na nafasi ya tano sikuzote ni sifuri, wala siyo herufi O. Kosa hilo la sifuri na O hulikuta mara nyingi kwenye fomu zilizojazwa kwa mkono. Uingereza na Uturuki wao hutumia IBAN: ya Uingereza ina nafasi 22, ya Uturuki 26. Ikipungua hata moja, imekosewa.

Hatua ya 2: Chagua tawi na siku

Wakala wa benki wa mtaani hawezi kutuma TT. Nenda tawini, na kama ni mara yako ya kwanza nenda tawi kubwa la Dodoma mjini hata kama unaishi Kongwa, Bahi au Mpwapwa. Kwa kawaida tawi hukagua makaratasi yako kisha huyatuma makao makuu, na huko ndiko malipo yanakotoka. Kwa hiyo kila benki ina saa yake ya mwisho ya siku. Ukifika saa nane mchana, uwezekano mkubwa malipo yatatoka kesho yake. Ukifika Ijumaa mchana, yahesabie Jumatatu.

Angalia pia sikukuu za nchi tatu: yetu, ya chuo, na Marekani. Ya tatu huwashangaza wengi, lakini dola yoyote inayotoka benki ya Tanzania kwenda benki ya India kwa kawaida hupita kwenye benki iliyoko Marekani, na huko wakifunga, dola yako inalala. Mwezi wa nane sisi tuna Nane Nane na India hufunga tarehe 15. Jipe angalau siku kumi za kazi kabla ya tarehe ya mwisho ya chuo.

Hatua ya 3: Kubaliana bei ya dola kabla ya kujaza fomu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Watu hulalamikia makato ya TT, wakati bei ya dola ndiyo inayokula zaidi.

Benki ina bei mbili, ya kununua dola na ya kuuza. Wewe unanunua dola kutoka kwao, kwa hiyo ya kwako ni ile ya kuuza, iliyo juu zaidi. Hiyo ya ubaoni ni ya mtu yeyote anayeingia. Kwa kiasi cha dola elfu mbili au tatu kwenda juu, unaweza kumwomba afisa aulize kitengo chao cha fedha za kigeni wakupunguzie. Sema tu: "Dada, nalipa ada ya dola 3,200, naomba uniulizie bei maalumu." Ni ombi la kawaida, halina aibu, na wengi hupunguziwa kwa sababu tu wameuliza. Bei ukishapewa huwa ni ya siku hiyo, pengine ya saa chache, kwa hiyo fika na makaratasi yaliyokamilika.

Muulize pia kama dola zipo. Mwaka 2023 dola ziliadimika nchini na watu walisubiri wiki nzima na zaidi huku shilingi zao ziko benki. Hali ikirudi hivyo, ni afadhali ujue mapema kuliko siku mbili kabla ya mwisho wa kulipa. Usikimbilie kununua dola za mkononi mtaani. Ni kosa kisheria, na ukizipeleka benki kuziweka utaulizwa risiti ya ulikozinunua.

Hatua ya 4: Jaza fomu ya TT, na usimame kwenye sehemu mbili

Fomu yenyewe siyo ngumu. Jina la mpokeaji liandike kama chuo kilivyoliandika kwenye maelezo ya malipo, neno kwa neno. Usilifupishe, na usiweke jina la mwanafunzi mahali pa mpokeaji.

Sehemu ya kwanza ya kusimama ni maelezo ya malipo. Nafasi hii ina mistari minne, kila mmoja herufi 35, na ndiyo pekee inayomwambia mhasibu wa chuo fedha hii ni ya nani. Usiandike "school fees" ukaishia hapo. Chuo kinapokea malipo mengi kwa siku, na jina la mzazi haliwaambii chochote. Andika hivi:

```
TUITION FEES SEM 1
STUDENT ID 25BCA0417
INV 10893
```

Ukiweka na jina la mwanafunzi, namba yake itangulie, kwa sababu maelezo yakikatwa njiani huanza kukatwa mwishoni. Epuka alama kama #, & na @. Mfumo wa benki hauzikubali, na namba yenye alama hizo inaweza kufika imeharibika.

Sehemu ya pili ni makato, na utakuta vifupisho vitatu:

- OUR: makato yote unayalipa wewe.
- SHA: wewe unalipa ya benki yako, na ya benki za njiani na ya mpokeaji yanakatwa kwenye ada.
- BEN: yote yanakatwa kwenye ada.

Kwa ada ya chuo chagua OUR. Mara nyingi afisa atakuuliza harakaharaka, "Mama, makato mgawane?", na ukiitikia tu, anaweka SHA. Mwambie unalipa yote wewe, kisha uangalie mwenyewe alama imewekwa wapi kabla ya kusaini.

Acha nikuonyeshe kwa hesabu. Viwango hivi ni vya mfano, vya benki yako viulize siku hiyo. Mama mmoja analipa ada ya dola 3,200. Bei ya ubaoni ni shilingi 2,620, ameomba akapewa 2,600. Hata akichagua OUR, benki ya mwisho inaweza kukata kidogo wakati wa kupokea, kwa hiyo anatuma dola 3,225, na chuo kitaihamishia ziada kwenye muhula ujao. Dola hizo ni shilingi 8,385,000. Kwa bei ya ubaoni zingekuwa 8,449,500, kwa hiyo swali lake moja limemwokolea 64,500. Makato ya TT ni 80,000 na nyongeza ya OUR ni 65,000, pamoja na kodi zake. Jumla akauntini zinatoka 8,530,000.

Sasa tuseme alichagua SHA na kutuma 3,200 kamili ili aokoe ile 65,000. Benki ya njiani inakata dola 20, ya India inakata 15, chuo kinapata 3,165. Chuo hakimsajili mwanafunzi kwa muhula kwa sababu anadaiwa dola 35. Kuzilipa inabidi atume TT nyingine: 91,000 za dola zenyewe, 80,000 za TT, na safari hii 65,000 za OUR pia. Jumla 236,000 na siku nyingine tano za kusubiri.

Kama chuo kinatumia kampuni ya malipo

Vyuo vingi vya Uingereza, Marekani na Kanada havitoi akaunti yao moja kwa moja. Mwanafunzi anaingia kwenye mfumo kama Flywire, anajaza taarifa zake, na anapewa maelekezo yenye akaunti ya kulipia na namba ya kumbukumbu. Mambo mawili yatakusumbua. Kwanza, mpokeaji atakuwa kampuni, siyo chuo, na afisa wa benki atahoji kwa nini ankara inataja jina lingine. Chapisha ukurasa wa maelekezo unaoonyesha jina la mwanafunzi na chuo, uuambatishe. Pili, kiasi ulichopewa kina muda wake. Ukichelewa kupita tarehe iliyoandikwa, kinaweza kubadilika na ukaambiwa uongeze. Namba yao ya kumbukumbu iandike kwenye maelezo ya malipo kama ilivyo.

Kadi ya benki nayo hukubaliwa na vyuo vingi, na kwa ada ya maombi ya dola 50 ni rahisi kuliko TT. Kwa ada yenyewe, kikomo cha siku cha kadi huwa kinazuia, na bei ya dola hupangwa bila wewe kuulizwa.

Hatua ya 5: Usiondoke na fomu tu

Fomu ya TT iliyogongwa muhuri inathibitisha kwamba umeomba malipo. Haithibitishi kwamba yametoka. Vyuo vinaikataa, na wanafanya sawa.

Unachohitaji ni nakala ya ujumbe wa SWIFT, wengi wanaiita MT103 au swifti kopi. Hutoka baada ya makao makuu kutuma malipo, kwa hiyo acha barua pepe yako na uifuate kesho yake kama haijaja. Benki nyingine sasa hutoa karatasi ya muundo mpya uitwao pacs.008. Ina taarifa zilezile, na inakubalika.

Ikifika, isome kabla ya kuituma popote. Kwenye MT103 mistari ya kuangalia ni hii:

```
:32A:260804USD3225,
:59: (jina na akaunti ya chuo)
:70:TUITION FEES SEM 1
STUDENT ID 25BCA0417
:71A:OUR
```

Wa kwanza ni tarehe, ikianza na mwaka, ikifuatiwa na kiasi. Hiyo hapo ni tarehe 4 Agosti 2026. Tafuta pia UETR, namba ndefu yenye mafungu matano yaliyotenganishwa kwa vistari. Hiyo ndiyo inayofuatilia fedha yako katika kila benki inakopita. Kama haipo kwenye karatasi uliyopewa, iombe.

Tuma nakala hiyo kwa ofisi ya fedha ya chuo, ukiandika kwenye kichwa cha barua jina na namba ya mwanafunzi. Wakishathibitisha, omba risiti rasmi ya chuo. Ubalozi ukidai uthibitisho wa ada kwa ajili ya viza, risiti hiyo ndiyo yenye uzito, na swifti kopi inaisindikiza. Hifadhi vyote viwili pamoja na taarifa ya akaunti inayoonyesha fedha ikitoka. Utavihitaji tena muhula ujao, maana benki itataka kuona ulicholipa kabla.

Mambo yakienda kombo

*Siku tano za kazi zimepita, chuo hakijaona kitu.* Rudi benki na UETR, waombe waangalie hali ya malipo. Wataona moja ya majibu matatu: ACSP ni kwamba bado yako njiani, ACCC ni kwamba yameingia akaunti ya mpokeaji, RJCT ni kwamba yamekataliwa. Jibu likiwa ACCC, tatizo liko kwa mhasibu wa chuo na siyo benki. Mtumie swifti kopi na picha ya jibu hilo.

*Fedha imeingia lakini hesabu ya mwanafunzi inasoma sifuri.* Karibu sikuzote namba ya mwanafunzi haikuandikwa au imekosewa. Fedha ipo kwenye fungu la malipo yasiyojulikana ni ya nani. Swifti kopi na barua pepe ya mwanafunzi kutoka anwani yake ya chuo humaliza jambo hili. Huna haja ya kuilipa benki ikutumie marekebisho, isipokuwa chuo kikikataa.

*Benki ya njiani inauliza maswali.* Jina la mtumaji au mwanafunzi likifanana na la mtu aliye kwenye orodha za vikwazo, malipo husimamishwa mpaka wajue siye. Majina ya kwetu yanayotumiwa na watu wengi duniani hukumbwa na hili mara kwa mara. Wataomba tarehe ya kuzaliwa, anwani na nakala ya pasipoti kupitia benki yako. Jibu siku hiyohiyo, na simu yako iwe hewani, kwa sababu wasipojibiwa hurudisha fedha.

*Malipo yamerudi.* Sababu kubwa ni jina la akaunti lisilolingana au namba iliyokosewa. Dola zitarudi zikiwa zimepungua kwa makato, na kama akaunti yako ni ya shilingi, benki itazibadilisha kwa bei ya kununua, kisha utazinunua upya kwa bei ya kuuza. Mara tu ukisikia zinarudi, mwombe afisa kwa maandishi azishikilie zikiwa dola hadi utakapoleta maelezo sahihi. Kama unajua utalipa ada kwa miaka mitatu au minne, fungua akaunti ya dola kwenye benki hiyohiyo. Malipo yakirudi yatakaa humo, na hutapoteza kwenye kubadilisha mara mbili.

*Tarehe ya mwisho inapita na fedha iko njiani.* Mwanafunzi aandike ofisi ya fedha kabla ya tarehe hiyo, aambatishe swifti kopi, na aombe muda hadi malipo yaingie. Akiandika kabla, vyuo vingi huondoa faini wakiona tarehe ya kutuma iko ndani ya muda. Akiandika baada ya faini kuingia, ombi linakwenda ofisi nyingine na hukaa wiki kadhaa.